Linki ya wazi au kila ombi lipitishwe na admini?

*Swali: "Mimi ni admini wa grupu la WhatsApp la wazazi wa darasa la mwanangu, darasa lina watoto 34 na sisi tuko 52 kwenye grupu. Linki tuliisambaza wenyewe mwanzo wa mwaka. Wiki iliyopita kuna mtu hatumjui aliingia, akatuma matangazo ya mikopo, halafu akaanza kuwafuata wamama inboksi. Bado yumo maana naogopa nikimtoa atarudi na namba ingine. Wenzangu wengine wanasema niweke ya kupitisha kila anayeomba, wengine wanasema nitawachosha watu na wazazi wageni watakata tamaa. Niache wazi au nifunge?"*

Funga, dada yangu. Kwa grupu kama lako ningefunga leo hii kabla sijalala, na chini nitakuonyesha unafunga kwa mpangilio gani maana mpangilio una kazi yake. Ila naomba usifunge kwa sababu tu mtu kakuudhi na matangazo ya mikopo, manake ukifunga kwa hasira baada ya mwezi hasira ikiisha utafungua tena, au utakuwa unapitisha kila mtu bila kuangalia, na hiyo mi naiona ni mbaya kuliko kuacha wazi.

Mimi nimekuwa admini wa magrupu ya kila aina kwa miaka mingi sasa, ya wazazi, ya msiba, ya harusi, ya watu wanaofuga kuku, na kipimo ninachotumia ni kimoja tu. Najiuliza hivi: mtu nisiyemjua akiingia sasa hivi, dakika ya kwanza tu, kabla hata sijaona kwamba kaingia, anaondoka na nini? Na hicho alichoondoka nacho naweza kukirudisha? Kama kinarudi, linki ya wazi haina shida. Kama hakirudi, lazima mtu asimame mlangoni.

Sasa tuangalie kwako. Mtu akiingia grupu la WhatsApp, hapohapo anafungua maelezo ya grupu anaona orodha ya watu wote 52 na namba zao za simu, na picha za profaili za wale ambao hawajazificha, na wengi wetu tumeweka picha ya sisi na watoto. Hahitaji kuandika hata neno moja. Anapiga skrinshoti tatu nne, basi, kamaliza. Wewe ukija kumtoa baada ya dakika kumi, matangazo yake utayafuta, siku hizi admini anaweza kumfutia mtu meseji ikapotea kwa wote, lakini namba 52 za simu huwezi kuzifuta kwenye simu yake. Na sio namba tu, anajua kwamba hizi namba zote ni za wazazi wa watoto wa darasa moja, shule fulani kwa sababu jina la grupu lenyewe linasema. Hiyo ndo mali yenyewe. Yale matangazo ya mikopo ni kelele tu, yalikusaidia hata ukajua yumo. Anayenitisha mimi ni yule anayeingia akakaa kimya.

Nikupe mfano wa kilichotokea kwenye grupu nililokuwa nasaidia kusimamia, na linafanana sana na lako. Kuna mtu aliingia kwa linki, hakusema kitu karibu wiki mbili. Siku moja usiku akaweka picha ya profaili ileile ya admini wetu mkuu, akaandika na jina lake vilevile, akaanza kuwapitia watu inboksi mmoja mmoja. "Habari za saa hizi mzazi mwenzangu, tunahamishia grupu jipya, kuna namba za kuthibitisha zimekuja kwenye simu yako, nitumie tafadhali nikuunganishe." Zile namba alizokuwa anaomba ni zile tarakimu 6 za WhatsApp yenyewe, zinazokuja pale mtu anapojaribu kufungua akaunti yako kwenye simu ingine. Wazazi wawili wakazituma. Asubuhi hawana akaunti, na aliyeziteka anawaomba hela ndugu zao. Sasa fikiria, angeweza kuwaambia "mzazi mwenzangu" kama hakuwahi kukaa ndani ya grupu? Alijua admini ni nani, alijua tunaitanaje, alijua kuna mazungumzo ya kweli kuhusu grupu jipya kwa sababu tulikuwa tumeyaongelea siku tatu nyuma.

Kwa hiyo kwako kinachotoka dakika ya kwanza hakirudi. Ndo maana nasema funga.

Sasa tuongee kuhusu linki yenyewe kwa sababu naona watu wengi wanaichukulia kama kadi ya mwaliko, yaani nimempa fulani basi ni ya fulani. Sivyo kabisa. Ukiiangalia ni hivi:

```
https://chat.whatsapp.com/
```

halafu baada ya hapo unafuata mkururo wa herufi na tarakimu zisizo na maana yoyote. Angalia tena, hamna jina la mtu hapo. Hamna tarehe ya mwisho. Haijui nani kaipewa na nani kaiiba. Yeyote anayeishika mkononi ni mwenye haki sawa na yule uliyempa, na ukimpa mama mmoja yeye akamtumia mumewe, mumewe akaiweka kwenye stetasi ili "wazazi wote waione," hapo tayari wameiona watu mia tatu ambao nusu yao hawana mtoto hapo shuleni. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Mwaka 2020 mwezi wa Februari kuna waandishi na watafiti walionyesha kwamba linki za namna hii nyingi sana zilikuwa zinatokea kwenye matokeo ya utafutaji wa Google, kwa sababu tu watu walikuwa wameziweka kwenye kurasa za wazi mtandaoni, na mtu alikuwa anaweza kutafuta akaingia kwenye grupu la watu asiowajua kabisa. Nakukumbusha hili sababu watu huniambia "linki yetu hatujaiweka popote." Ninyi hamjaiweka, lakini hamjui aliyeipokea kaiweka wapi.

Na ukishaweka mpangilio wa kwamba wanachama wa kawaida hawaruhusiwi kualika, bado ile linki ya zamani iliyoko kwenye meseji zao inafanya kazi. Kuizuia kuna njia moja tu, kuibadilisha.

Basi nije kwenye hatua, na naomba ufuate hivihivi. Kwanza kabisa usimtoe yule mtu. Najua anakuudhi, lakini mwache dakika tano zingine. Fungua maelezo ya grupu, nenda kwenye `Group permissions`, tafuta palipoandikwa `Approve new members`, washa. Kuanzia hapo anayebonyeza linki haingii moja kwa moja, anapata kitufe cha kuomba, na ombi linakuja kwenu maadmini. Pili, rudi kwenye maelezo ya grupu, `Invite via link`, halafu `Reset link`. Linki ya zamani inakufa hapohapo, mnapata mpya, na walioko ndani hawaguswi, hakuna anayetolewa. Baada ya hizo mbili ndo unamtoa. Ukimtoa kwanza, namba ile haitaweza kurudi kwa linki kwa sababu WhatsApp inamkatalia mtu aliyetolewa na admini, lakini wewe mwenyewe umesema unaogopa namba ingine, na ni kweli, kwa namba ingine anaingia kama mgeni yeyote mlango ukiwa bado wazi. Mlango kwanza, mtu baadaye. Wakati wa kumtoa mripoti pia, inachukua sekunde chache.

Hapo umefunga mlango. Lakini bado hujamaliza, na hapa ndipo wengi tunapokosea, na mimi nimekosea hapahapa.

Lile grupu nililokuambia, baada ya yale ya usiku tukawasha ya kupitisha maombi. Tukajiona tuko salama. Mwanzo wa muhula ukafika, wazazi wapya wengi, nikawa na shughuli zangu, siku tatu sijagusa. Nafungua usiku karibu saa sita nimechoka, nakuta maombi 40 na kitu yananisubiri. Unajua nilifanya nini? Nilibonyeza alama ya kukubali, ya pili, ya tatu, ya nne, kidole kinakwenda chenyewe, naangalia picha tu, huyu kavaa kanzu huyu kabeba mtoto huyu ua, haya ingia. Dakika mbili nimemaliza wote. Na kwa sababu grupu lilikuwa na sifa ya kwamba "siku hizi huingii mpaka upitishwe," wazazi wakawa wanaaminiana zaidi kuliko zamani. Yaani nilikuwa nimewapa watu imani ambayo sikuifanyia kazi. Hicho ndicho kinachonifanya niseme kupitisha bila kuangalia ni kubaya kuliko linki ya wazi, kwenye linki ya wazi angalau kila mtu anajua mlango uko wazi na anajichunga.

Maana hebu angalia ombi lenyewe likija unaona nini. Unaona namba, picha kama kaweka, jina alilojiandikia yeye mwenyewe, na magrupu mnayoshirikiana kama yapo. Basi. Hakuna kinachokwambia huyu ni mzazi. Jina kajipa, picha kachukua popote. Kitufe cha kupitisha hakijui lolote, anayejua inabidi uwe wewe. Na wewe utajua kwa kitu kimoja tu, orodha.

Ndo maana kabla hata ya kuwaza kupitisha wapya nakuomba ukae na wale 52 ulionao. Chukua daftari. Andika majina ya watoto 34, mstari mmoja mmoja. Mbele ya kila mtoto andika namba iliyoko kwenye grupu ambayo unajua ni ya mzazi au mlezi wake. Zile za rafiki zako zitakwenda haraka. Zilizobaki muulize mwalimu wa darasa au wazazi wengine. Sisi tulipofanya hivi darasa lilikuwa na watoto 31 na grupu lina watu 58. Jioni ya kwanza tukatambua 51. Zikabaki namba 7. Katika hizo, 4 zilikuwa za wazazi ambao tayari tunawajua, wana laini mbili au walibadilisha simu na namba ya zamani ikabaki ndani. Moja ilikuwa ya mzazi ambaye mtoto wake alihama shule mwaka mmoja nyuma na hakuna aliyekumbuka kumtoa, mtu mwema kabisa, alituaga mwenyewe. Namba 2 hakuna mtu hata mmoja aliyezijua. Mojawapo ilikuwa imekaa humo miezi mingi haijawahi kuandika kitu chochote. Tulipoandika kwenye grupu kwamba kesho jioni tunatoa namba ambazo hazina mtoto, moja ikatoka yenyewe usiku huohuo.

Na ona faida ya hesabu. Kwako watoto 34, ukiwapa kila mtoto watu wawili ni 68, weka na mwalimu 69. Hapo unajua grupu lenu lote likijaa kabisa ni kama watu 70, ongeza wachache kwa watoto wanaoishi na bibi au shangazi. Ukija kuona limefika 85 huhitaji mtu akwambie kuna kitu hakiko sawa. Grupu la WhatsApp linachukua mpaka watu 1024, kwa hiyo lenyewe halitakuzuia hata siku moja, kikomo inabidi kitoke kwenye daftari lako.

Sasa ombi jipya limekuja, mtu hujui. Unamthibitishaje? Hapa kuna kosa dogo linalofanyika kila siku. Admini anamwandikia mwombaji inboksi, "Habari, wewe ni baba yake Fulani?" na yule anajibu "Ndiyo," na admini anaridhika, anampitisha. Umeshampa jibu ndani ya swali! Wewe mwenyewe umemtajia mtoto. Uliza swali lililo wazi, "Habari, nimeona ombi lako la kuingia grupu letu, naomba unisaidie wewe ni mzazi wa nani?" halafu nyamaza usubiri. Mzazi wa kweli atakujibu bila kufikiri, na mara nyingi ataongeza na mambo ambayo hukumuuliza. Asiye mzazi ataanza "nimetumiwa linki na rafiki," au "mtoto wangu yuko hapo shuleni," bila jina.

Na hata akitaja jina bado usipitishe kwa hilo peke yake, kwa sababu majina ya watoto yanatajwa kwenye grupu kila siku, "hongera kwa fulani kwa kushika namba moja," na linki yenu ya zamani ilishapitisha watu. Angalia daftari, huyo mtoto tayari ana mzazi ndani? Kama yupo, muulize yule aliye ndani, "kuna namba hii inasema ni baba yake, ni kweli?" Anakujibu ndani ya dakika. Kama mtoto hana mtu yeyote ndani, muulize mwalimu, yeye ana namba za wazazi toka siku ya kuandikisha. Ikishindikana vyote piga simu ya sauti, muongee. Sipendi kumuuliza mtu kitambulisho au cheti cha mtoto kwa ajili ya grupu la WhatsApp na nakuomba usifanye hivyo, utakuwa unakusanya nyaraka za watu kwenye simu yako na siku simu ikiibiwa umeleta tatizo kubwa kuliko ulilokuwa unalizuia.

Sasa lile la wenzako wanaosema utawachosha watu. Wana hoja, usiwapuuze. Ila kinachochosha watu siyo kupitishwa, ni kusubiri bila kujua kinachoendelea. Mzazi mgeni kabonyeza, kaomba, halafu kimya, siku mbili, kule ndani tunajadili sare na kikao na yeye hajui lolote. Huyo atakukasirikia na ana haki. Kwa hiyo usiwe mlinzi peke yako. Mfanye mzazi mwingine mmoja awe admini, mtu mtulivu asiyekaa na simu imezimwa, na mkubaliane nani anaangalia asubuhi na nani jioni. Kwa darasa la watoto 34 baada ya wiki za mwanzo maombi yatakuwa moja moja tu, hata mwezi unaweza kupita bila ombi. Wawili wanatosha kabisa. Wakiwa sita kila mmoja atadhani mwenzake kaangalia, na siku utakuta kuna aliyepitishwa na hakuna anayejua nani kampitisha.

Na linki usiitume ikiwa tupu. Iambatane na maneno kila mara, kitu kama hiki: "Bonyeza hapa uombe kuingia, halafu nitumie meseji kwa namba hii uniambie wewe ni mzazi wa nani, utapitishwa siku hiyohiyo." Hapo umebadilisha mambo, anayeomba ndo anaanza kujieleza, wewe hufukuzani na mtu. Ombi lisilo na meseji liache likae. Mimi nawapa siku tatu, baada ya hapo nalikataa, na kama ni mzazi kweli atauliza wenzake na atarudi.

Kuna wakati mlango kuuacha wazi ni sawa hata kwa grupu lenu, na nadhani hili litawaridhisha wenzako. Siku ya kikao cha wazazi, mko darasani, mwalimu yupo, watu mnaonana kwa macho. Zima `Approve new members`, onyesha linki kwa ile picha ya miraba ya kuskani kwenye simu yako, watu waskani waingie papo hapo, na daftari lako mkononi unaandika mtoto mbele ya kila namba inayoingia. Dakika 20 umemaliza. Kabla hujanyanyuka kwenye kiti washa tena na ubadilishe linki, siyo ukifika nyumbani, hapohapo, kwa sababu ukifika nyumbani utasahau. Hapo watu ndo walithibitishwa na macho yako, simu haina la kuongeza.

Halafu kuna magrupu ambayo mimi kamwe siwashi ya kupitisha. La msiba kwa mfano, watu wanatoka kila upande wa ukoo, hakuna mtu mmoja anayewajua wote, na mtu anataka kujua mazishi saa ngapi sasa hivi, siyo kesho asubuhi admini akiamka. Linki ya wazi, ikiisha shughuli grupu linafungwa. La watu wanaofuga kuku nalo ni wazi, siwezi kuandika orodha ya wafugaji kuku wote duniani, kwa hiyo sina cha kuangalia mlangoni, nikiwapitisha nitakuwa naangalia picha tu kama ule usiku. Huko badala ya kulinda mlango tunawaambia watu wanaoingia wazi kabisa kwamba humu namba yako inaonekana na kila mtu. Na kama lengo lako ni kutoa matangazo tu, watu hawahitaji kujibizana, basi hata usitumie grupu, fungua chaneli ya WhatsApp, zipo toka 2023, wafuasi hawaonani namba wao kwa wao, anayeingia haondoki na kitu. Telegram nako mtu anaweza kuficha namba yake, na linki unaweza kuiwekea muda wa kuisha au idadi ya watu, ukasema iishe baada ya siku moja, kwa hiyo kule kuacha wazi kidogo hakugharimu sana kama huku. Ila usihamishe wazazi 52 kwa sababu hiyo, nusu yao hawatakufuata.

Utajuaje kwamba linki mpya nayo imevuja? Angalia maombi yanavyokuja. Mzazi wa kweli anakuja mmoja mmoja na meseji yake. Ukiona ndani ya saa moja yamekuja maombi matano sita, namba huzijui, hakuna hata mmoja kakuandikia, basi kuna mahali mtu kaibandika. Usihangaike kumtafuta aliyeibandika, mtagombana bure, badilisha linki na uendelee. Na kama umeizima ya kupitisha siku ya kikao ukasahau, kwenye mazungumzo kunakuwa na ile mistari midogo ya katikati inayosema fulani kaingia kwa linki, ipitie ukirudi nyuma mpaka siku ya kikao, kila mstari uwe na mtoto kwenye daftari.

Kwa leo, ukishafanya zile hatua tatu, andika meseji moja kwenye grupu na usiifanye ndefu. Waambie yule mtu katolewa lakini namba za kila mtu alishaziona, kwa hiyo wategemee kusikia kutoka kwake au wenzake kwa namba zingine. Waambie hakuna admini yeyote atakayewaomba zile tarakimu 6 zinazokuja kwa meseji, hata akiwa na picha yako na jina lako, na wakipata ombi kama hilo wakupigie simu, wasiandike. Waombe waende `Settings`, `Account`, `Two-step verification`, waweke namba yao ya siri, ili hata mtu akizipata zile 6 bado akutane na mlango wa pili. Na wale wamama aliowafuata inboksi usiwaache na meseji ya jumla, wapigie mmoja mmoja leo jioni uwaulize walimjibu nini.